Jina la Mtume, Jina la Malaika

Bosi wangu ndiye aliyebuni fomu yetu ya kuombea tiketi, na aliibuni kama alivyobuni kila kitu katika ofisi ile ndogo ya usafiri: kwa haraka na kwa imani. Ilikuwa na kisanduku cha uraia, kisanduku cha uendako, kisanduku cha sababu ya safari, na kisanduku kimoja tu cha jina. Nilipoanza kazi pale, nikiwa nimetoka chuo kikuu na shahada ambayo shangazi zangu mpaka leo hawajui ni ya kazi gani, nilimwendea na ile karatasi mkononi.

"Kwa nini kisanduku kimoja, bosi?"

"Kwa sababu mtu ni mmoja."

"Lakini shirika la ndege linataka majina mawili, na kila moja mahali pake. La ukoo huku, la mtu mwenyewe kule."

"Mteja ataandika yote mawili. Wateja wetu wana akili."

"Wana akili. Lakini sisi tutajuaje lipi ni lipi?"

"Utapiga simu uulize," alisema bila kuinua macho. "Si kuuliza ndiyo kazi unayoipenda?"

Basi nikawa mwulizaji rasmi wa ofisi. Na kusema kweli kazi hiyo ilinifaa, maana hilo jambo la jina la ukoo lilikuwa limenikera tangu shule ya msingi. Kwetu sisi Wanubi wa Uganda hakuna kitu hicho. Mtu ana jina lake, nyuma yake limesimama la baba yake, nyuma ya hilo la babu yake, kama watu waliopanga foleni ya maji. Ukiniuliza lipi ni la ukoo, nitakuuliza: foleni ina ukoo? Majirani zetu Waganda wa hapa Kampala nao ukoo wanao, tena wanaujua kuliko wanavyoijua njia ya kwenda kwao, lakini kila mtoto hupewa jina lake kutoka katika hazina ya ukoo huo, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyofanana. Jina hilo, ambalo hata baba mzazi hana, ndilo wanalolijaza kwenye kisanduku cha jina la ukoo. La dini hufuata nyuma. Tulivyofundishwa kuandika juu ya daftari ndivyo tunavyoandika mpaka kaburini: la ukoo kwanza, la dini baadaye.

Wakenya, ambao mji wetu umejaa wao katika biashara na viwanda, wanafanya kinyume. Wao huanza na la ubatizo, kisha hufuata la nyumbani au la baba. Ukisoma orodha ya Mkenya kwa macho ya Mganda umeshampindua mtu kichwa chini.

Ndege haina habari na haya. Katika mfumo wa kuwekea nafasi unaandika jina la ukoo, unaweka mkwaju, yaani kile kistari cha kulala, unaandika jina la mtu mwenyewe, na mwisho unamalizia na Bwana au Bibi. Hayo lazima yafanane na pasipoti. Ukiyageuza, kuna mashirika yatakayokuonea huruma na kuna yatakayokuacha kaunta ukitazama sanduku lako. Kabla tiketi haijatolewa, kosa la namna hiyo linaweza kurekebishwa ukiwatumia nakala ya pasipoti. Ikishatolewa, ndipo unajua kwamba huruma nayo ina masharti.

Jumatano moja nilikuwa nimetoka kula. Niliporudi nilikuta fomu juu ya meza yangu, imeandikwa kwa kalamu nzito, kila herufi imesimama wima kama nguzo ya geti. Mteja alikuwa ameileta mwenyewe akaondoka. Uraia: Kenya. Anakoishi: Kyebando. Uendako: Lusaka, kuondoka Ijumaa, kufika kabla ya Jumapili. Nambari ya pasipoti: patupu. Sababu ya safari: *Kumrekebisha mjukuu.*

Nilisoma mstari huo mara mbili. Wengi huandika matembezi, au biashara.

Kwenye kisanduku cha jina aliandika majina mawili. Sitayaandika hapa, maana si yangu. Itoshe kusema kwamba la kwanza kwenye karatasi lilikuwa la mtume na la pili lilikuwa la malaika mkuu, yote mawili ya kiume, yote mawili ya ubatizo, yote mawili yakifaa kabisa kuwa la mtu mwenyewe na yakifaa kabisa kuwa la baba yake. Nitamwita kwa hayo: Mtume na Malaika.

Nikafungua mfumo. Alihitaji kuondoka Ijumaa asubuhi, kupitia Nairobi, na kwenye ndege ya kumfikisha Lusaka kabla ya Jumapili nafasi ilibaki moja. Moja tu, nayo ingeweza kuchukuliwa wakati mimi nikifikiri. Kwa hiyo nikaishika kwanza. Mkenya huyu, nikajiambia, ameandika kwa utaratibu wa Kikenya, lake mbele na la baba nyuma. Nikaandika Malaika kama la ukoo, mkwaju, Mtume, Bwana. Mfumo ukanipa mpaka saa kumi na moja jioni kutoa tiketi, la sivyo nafasi ingejiachia yenyewe. Kisha nikafanya kazi niliyoajiriwa nayo. Nikapiga simu.

"Halo, mzee. Napiga kutoka ofisi ya tiketi."

"Aa, binti wa ndege!" Sauti ilikuwa kubwa, nyuma yake chuma kikigongwa. "Nimeshafika?"

"Bado hujaondoka, mzee. Nataka kuhakikisha majina. Umeandika Mtume, halafu Malaika. Lipi ni lako wewe mwenyewe na lipi ni la ukoo?"

"Kwani hujasoma? Nimeyapanga vizuri."

"Umeyapanga kwa mpango wa nani?"

"Wa kwenu! Miaka yote niliyokaa Uganda nimekemewa: la ukoo mbele, mzee, la ukoo mbele. Sasa nimeliweka mbele na bado nakemewa?"

Nikatazama kile nilichokuwa nimeandika. Yeye alikuwa ameandika Kiganda kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimesoma Kikenya kwa ajili yake. Tulikuwa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake upande uleule, mpaka vipaji vya nyuso vikagongana.

"Kwa hiyo wewe ni Malaika," nikasema. "Na Mtume ni jina la baba yako."

"Hapo sasa. Malaika ndiye mimi. Baba yangu alikuwa Mtume, Mungu amrehemu."

Ningeishia hapo na kurekebisha. Lakini wakati uleule nilisikia mtu akipiga kelele nyuma yake: "Mtume! Wewe Mtume! Kuja ona hii geti, imepinda!"

"Nakuja!" akajibu mzee.

"Mzee," nikasema, "huyo anamwita nani?"

"Ananiita mimi."

"Lakini umeniambia Mtume ni baba yako."

"Ndiyo. Wanamwita baba yangu, mimi naitika kwa niaba yake. Nimezoea."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akanieleza, na ndipo nilipoelewa kisanduku kile cha sababu ya safari. Alipokuja Kampala akiwa kijana alipata kazi katika kiwanda kule chini ya Bugolobi. Karani wa zamu alimwuliza jina la ukoo. Akajibu kwa uaminifu: Mtume. Beji ya kiwandani ilibeba hilo moja tu. Wenzake wakamwita Mtume, msichana aliyekuwa anauza chai getini akamwita Mtume, na alipomwoa yule msichana jina likahamia nyumbani pamoja na masufuria. Alipoacha kiwanda na kufungua karakana yake ya kuchomelea mageti huko Kyebando, vijana wake nao wakalirithi. Na sasa binti yake, muuguzi aliyeolewa Lusaka, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mume wake alikuwa amekubali desturi ya kwao mzee: mtoto huyu achukue jina la babu mzaa mama. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Jina lililokwisha kutangazwa, hata keki imeagizwa nalo, lilikuwa Mtume.

"Unaona?" akasema mzee, na sasa hakuwa akicheka sana. "Jina langu mimi halijawahi kukaa kwa mtu. Nina binti mmoja tu. Huyu mtoto akimwagiwa maji na jina la baba yangu, basi mimi nimepita hapa duniani kama risiti."

"Si umpigie simu umwambie?"

"Nimempigia. Anasema, 'Baba, acha utani.' Nimekuwa nikitania sana maishani, binti. Hilo ndilo kosa. Lazima niende nikasimame pale, mbele ya padre, na uso usio na utani."

Kwa hiyo nikajua kinachotakiwa: mzee afike Lusaka kabla ya maji. Na njia ya kufika ilikuwa kiti kimoja, kilichoshikwa kwa majina yaliyogeuzwa, mpaka saa kumi na moja.

"Sawa, mzee. Nitumie picha ya pasipoti, nilinganishe."

"Ya nini tena? Si nimekwambia?"

"Umeniambia. Na fundi wako ameniambia vingine. Masikio hayatoi tiketi."

Hapo simu ikanyang'anywa. Sauti ya mwanamke, yenye haraka ya mtu ambaye chungu chake kiko motoni.

"Dada, usimsikilize huyo. Jina lake ni Mtume. Mimi ndiye mke wake. Hilo jingine ni la baba mkwe wangu, marehemu, sikuwahi kumwona."

"Una hakika, mama?"

"Nimemwita hivyo kila siku ya ndoa yangu. Unadhani nilikuwa namwita nani?"

Nyuma yake mzee alisikika akisema, "Mwambie ukweli, mama," naye akajibu, "Ukweli ndio huu, wewe unataka kubadilisha jina uzeeni kama mcheza mpira anabadilisha timu."

Basi nilikuwa na mashahidi wawili, mume na mke, na kila mmoja aliapa kinyume cha mwenzake kuhusu jina la mtu aliyesimama katikati yao. Chuoni tungefanya semina ya wiki mbili.

"Mama," nikasema, "pasipoti iko wapi?"

Nikasikia akiihamisha simu sikio jingine.

"Iko salama," akasema.

"Salama wapi?"

"Mikononi mwa Bwana."

"Bwana yupi?"

"Kwani wako wangapi, dada?"

Ilinichukua muda kuipata anwani. Mzee ni Mkatoliki wa kimyakimya. Mke wake huhudhuria pia maombi ya saa ya chakula cha mchana katika ushirika mmoja wa walokole huko Bwaise, ambako kwa safari za mbali pasipoti huletwa na kuwekwa kwenye kikapu mbele ya mimbari, ziombewe siku tatu mfululizo. Yeye aliipeleka Jumanne. Mzee, ambaye alikuwa amedhani iko chini ya godoro, alisikika akiuliza kwa upole wa kutisha, "Pasipoti yangu imeokoka kabla yangu?"

Simu ya mzee ilikuwa ile ya vibonye, isiyopiga picha. Ya mama kioo chake kilikuwa kimepasuka kama barafu. Bosi akanitazama juu ya miwani.

"Nenda," akasema. "Wewe si umesoma dini zote kwa kulinganisha?"

Nikapanda boda mpaka Bwaise. Ilikuwa imenyesha asubuhi na maji yalikuwa yamesimama kwenye vichochoro kama kawaida yake, na wenye vibanda walikuwa wamepandisha bidhaa zao kwenye rafu za juu na kuendelea kuuza kutoka huko. Mzee na mke wake walikuwa wamefika kabla yangu. Nilimtambua mzee kwa macho yake mekundu ya moto wa kuchomelea na kwa namna alivyonitazama kilemba changu cha Kiislamu, kisha akatazama mlango wa ushirika, kisha akanitazama tena.

"Binti," akasema, "huku ndani utawezana?"

"Mzee, mimi ni Mnubi. Tumeingia nyumba zisizo zetu tangu babu zetu walipokuwa askari wa mkoloni."

"Ehe! Ndiyo maana Kiswahili chako kinapiga saluti."

"Na chako, mzee? Chako kimekaa Uganda mpaka kimesahau njia ya kurudi."

"Kinajua njia. Kinangoja tiketi," akasema, na mke wake akatupiga kumbo sote wawili tuingie.

Ukumbi ulikuwa wa mabati na ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wamesimama, mikono juu, kila mmoja akiomba lake kwa sauti yake. Mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kilikuwepo kikapu cha aina ile ya kuwekea mikate, na ndani yake pasipoti: za Uganda, za Kenya, moja au mbili za Kongo. Nilisimama nyuma nikajiuliza mambo mengi, kwa mfano kama maombi yanapita kwenye jalada au lazima pasipoti ifunguliwe kwanza, lakini nilikuwa nimefundishwa adabu, kwa hiyo nilijiuliza kimoyomoyo.

Aliyesimamia kikapu alikuwa mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha zambarau begani. Wote walimwita Mama Mchungaji. Mke wa mzee alimnong'oneza. Mama Mchungaji akatikisa kichwa.

"Pasipoti haitoki kabla ya Amina," akasema.

"Amina ni saa ngapi, mama?" nikauliza.

"Roho ndiye anajua."

"Na shirika la ndege linajua saa kumi na moja."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, kilemba na yote. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Wewe mtoto wa Kiislamu, umekuja kuharakisha Roho Mtakatifu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kumsaidia. Mnamwombea huyu mzee afike Lusaka. Lakini hamjui mnamwombea kwa jina lipi. Mke wake anasema Mtume. Yeye anasema Malaika. Sasa hayo maombi yanakwenda kwa nani?"

Mama Mchungaji alimgeukia mke wa mzee. "Ulituambia tumwombee Mtume."

"Ndiye huyu!"

"Si mimi," akasema mzee. "Mmemwombea baba yangu safari njema. Yeye alishafika zamani."

Waliokuwa karibu walikuwa wameacha kuomba ili wasikilize. Mmoja alicheka, akajifanya amekohoa. Mama Mchungaji akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kwake. Wengi walioshika vikapu hawafikirii.

"Kufungua si kutoa," akaamua. "Itafunguliwa hapahapa, kikapuni. Haitatoka."

"Inatosha, mama. Ninachotaka ni ukurasa wa picha."

Akazipekua, akitazama picha na kuilinganisha kila moja na uso wa mzee, mpaka akaipata. Akaishika kwa vidole viwili juu ya kikapu, isivuke ukingo. Tukainama sote wanne.

Palikuwa na mstari wa jina la ukoo, na mbele yake: Mtume. Palikuwa na mstari wa majina ya kupewa, na mbele yake: Malaika. Chini kabisa ya ukurasa, katika ile mistari ya kusomwa na mashine, ilikuwa hivyohivyo tena: Mtume, alama mbili za mshale, Malaika. Mashine nayo haikuwa na shaka.

Mzee alikunja mikono kifuani tu, kama mtu aliyeambiwa na daktari kile alichokuwa anasema tangu mwanzo.

Mke wake ndiye aliyevuta kiti akakaa. Yeye ni mtu wa magharibi ya Uganda, na kwao mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Hata kama jina hilo ni la kitu cha kawaida sokoni, mke atazunguka, atatafuta neno jingine, lakini hatalitoa mdomoni. Niliona linavyomfikia, polepole, mwaka baada ya mwaka.

"Mtume," akasema, kisha akajifunika mdomo kwa mkono. "Yesu wangu. Nimekuwa nikimwita kwa jina. Baba mkwe. Asubuhi na jioni. Nikimwambia atoke kitandani. Nikimwambia alete kuni."

"Ulimtukana pia," mzee akamkumbusha, "siku ile nilipochelewa kutoka kwenye harusi."

"Wewe ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza!"

"Mwanzoni niliona aibu kukukosoa, ulikuwa msichana mzuri sana wa chai. Baadaye niliona nimechelewa. Na jamani, uliliita vizuri. Baba hajawahi kuitwa vizuri hivyo hata na mama."

Alimpiga kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akaanza kucheka, kwanza ndani ya kitambaa, halafu waziwazi, mpaka mabega yakatikisika na Mama Mchungaji naye akalazimika kuishusha pasipoti kikapuni ili acheke vizuri. "Basi nimeolewa na baba mkwe wangu," alikuwa akisema mke, akifuta macho. "Tena nimemzalia."

Nilikuwa nimepiga picha. Nikatoka nje, nikasimama juu ya tofali katikati ya maji, nikaituma kwa dawati la shirika la ndege pamoja na ombi la kurekebisha: jina la ukoo na la kupewa yamegeuka, mteja ni yuleyule, tiketi haijatolewa. Nikapiga simu ili isikae kwenye foleni. Binti aliyepokea aliniambia nisubiri. Nilisubiri, nikimtazama bata mmoja akipita kichochoroni kwa starehe ya mwenye nyumba. Nilijiuliza kwa nini nimejali kiasi hiki. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema darasani kwamba jina ni makubaliano tu ya watu, lebo ya gunia, na kwamba mtu mzima hapaswi kulilia. Kabla sijafika mbali, binti wa dawati alirudi.

"Imerekebishwa," akasema. "Thibitisha. Jina la ukoo?"

"Mtume."

"La kupewa?"

"Malaika."

"Toa tiketi."

Nikampigia bosi, akaitoa saa kumi haijapita sana. Nilipoingia ndani kuwaambia, maombi yalikuwa yameanza tena, na Mama Mchungaji alikuwa ameushika mkono wa mzee juu, akimwombea safari kwa jina jipya, akilitamka Malaika kwa nguvu na kwa uangalifu, kama mtu anayeandika juu ya kosa lililofutwa. Mzee alikuwa amefumba macho. Sijui Roho alisema Amina saa ngapi. Najua Ijumaa asubuhi pasipoti ilikuwa Entebbe pamoja na mwenyewe, kwa sababu alinipigia kutoka kwenye foleni kuniambia kwamba binti wa kaunta amemwita Bwana Mtume, na je, amkosoe?

"Usimkosoe, mzee! Anasoma la ukoo. Wewe nyamaza tu."

"Nimenyamaza maisha yangu yote, kunyamaza mara moja zaidi si kitu."

Jumatatu simu ya ofisi ililia, nambari ya Zambia. Nilimjua kwa pumzi yake kabla hajasema.

"Binti wa ndege. Nimefika."

"Karibu Lusaka, mzee. Umemrekebisha mjukuu?"

Mtoto alikuwa akilia mahali fulani nyumbani humo, kilio kile cha wiki za kwanza kisicho na malalamiko maalum.

"Nilisimama pale," akasema. "Mbele ya padre, kama nilivyopanga, uso hauna utani. Binti yangu amembeba mtoto. Nikamwambia, sikiliza, Mtume ni babu yako, mimi ni Malaika, hata pasipoti inasema, nikaitoa mfukoni. Akaitazama. Akalia. Akaniambia, 'Baba, mimi nikiwa mdogo nikianguka nilikuwa naita nani? Mama akikuita ule, alikuwa anaita nani? Jina ninalokujua nalo ndilo nililompa mwanangu. Hilo jingine ni la karatasi.'"

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Yeye analia, mtoto analia, padre ana misa nyingine. Nikairudisha pasipoti mfukoni. Nikamwambia padre, mwaga."

"Mwaga na jina gani?"

"Mtume, binti. Mtume."

Sikujua niseme pole au hongera. Nilimwuliza kama ameumia.

"Nilidhani nitaumia. Lakini unajua, nilipomshika, wakasema, 'Mtume, mpe Mtume wako busu,' tukageuka wote wawili. Yeye na mimi. Baba yangu hakugeuka. Labda limeshakuwa langu. Limekaa kwangu kuliko lilivyokaa kwake. Yeye alikufa kijana."

"Kwa hiyo tulihangaika bure na kile kikapu."

"Bure vipi? Ningefikaje kumwambia padre mwaga?" Alicheka kwa ile sauti yake ya karakana. "Tatizo limebaki huko Kampala. Mke wangu amekataa kumwita mtoto. Anasema sasa anajua, na kwao jina la baba mkwe halitajwi, hata kama amevaa nepi. Jana nimemwekea mtoto simu sikioni ili bibi amsalimie. Amezunguka, amezunguka, anatafuta neno."

"Amemwita nani?"

"Malaika," akasema. "Amemwita Malaika. Na mtoto akanyamaza kulia, nakuapia."

Nilimwambia watoto wa umri ule hunyamaza wakisikia sauti yoyote mpya, kwamba hilo linajulikana.

"Ndiyo, ndiyo," akasema mzee. "Wewe endelea kuuliza."